Maneno Tisa Kabla ya "Zaidi"

Shemeji yangu anashona sare za shule Mbagala. Ana vyerehani 2, binti mmoja anayemsaidia kutia vifungo, na akaunti ya Instagram ambayo karibu mwaka mzima imelala. Katikati ya Desemba ndipo inapochangamka, wazazi wanapokumbuka kwamba Januari shule zinafunguliwa na kaptula ya mwaka jana imeshapanda juu ya mapaja. Desemba iliyopita alinijia na simu mkononi, amenuna.

"Shemeji, hivi watu siku hizi hawasomi?"

Nikaipokea simu. Picha ilikuwa nzuri: shati jeupe na kaptula ya bluu vimepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, mwanga wa asubuhi umevipiga sawasawa. Chini yake kulikuwa na komenti 11. "Bei?" "Mko wapi?" "Mnachukua siku ngapi?" Kisha "Bei?" tena, na "Dada bei mbona huweki?" Nilipobonyeza kufungua maelezo yake nikakuta kila kitu kimo. Bei ipo, mtaa upo, siku zipo, hata namba ya kulipia ipo. Alikuwa ameandika aya 4 zilizonyooka, tena kwa Kiswahili safi. Ila vyote hivyo vilikaa chini ya neno dogo la kijivu, "more", yaani "zaidi". Kabla ya neno hilo mteja alikuwa anaona haya:

"Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu, natumaini mmeamka salama. Kama mnavyofahamu, shule zinakaribia kufunguliwa na wazazi"

Nimemaliza nukuu kwenye "wazazi" kwa makusudi. Ukihesabu kila herufi, kila nafasi na kila kituo, neno hilo linaishia kwenye alama ya 124. Kampuni ya Meta, wenye Instagram na Facebook, kwa miaka imekuwa ikiwashauri watangazaji waweke maneno yao ya maana ndani ya alama 125 za mwanzo. Instagram inakuruhusu kuandika hadi alama 2,200 chini ya picha moja, lakini anayepita haonyeshwi zote. Anaonyeshwa kipande cha mwanzo, vinukta 3, na lile neno la kubonyeza. Shemeji alikuwa amekitumia kipande hicho chote kusalimia na kuwaambia wazazi kwamba shule zinafunguliwa, jambo ambalo wao ndio walioanza kulijua.

Hiyo 125 yenyewe isikupumbaze. Nilimwonyesha posti yake kwenye simu yangu, ambayo nimeikuza maandishi kwa sababu ya macho, na maneno yalikatika mapema zaidi, hapo kwenye "natumaini mmeamka". Salamu haikufika hata mwisho wake. Sababu ni kwamba anayekata hahesabu herufi, anapima mistari. Programu huangalia upana wa kioo na ukubwa wa maandishi aliouchagua mwenye simu, ikajaza mistari miwili hivi, kisha ikafunga. Simu pana yenye maandishi madogo inaonyesha mengi, na simu nyembamba yenye maandishi makubwa inaonyesha machache. Wanaokuza maandishi ni akina nani? Ni watu wa umri wangu kwenda juu, mabibi na mababu, ambao Januari ndio mara nyingi wanaotoa hela ya sare ya mjukuu.

Kuna vitu vingine vinavyokula nafasi hiyo bila mwenye posti kujua. Cha kwanza ni jina la akaunti. Chini ya picha, Instagram hutanguliza jina lako kwa herufi nzito na maelezo hufuatia papo hapo kwenye mstari uleule. Jina la akaunti ya shemeji lina herufi 18, hivyo kabla hajasema lolote ameshatumia sehemu kubwa ya mstari wa kwanza. Cha pili ni urefu wa maneno yetu wenyewe. Kiswahili hubandika mengi kwenye neno moja, na neno likikosa nafasi mwishoni mwa mstari huhamia lote kwenye mstari unaofuata, likaacha pengo nyuma yake. Maneno kama "tutakapowashonea" au "mnavyofahamu" yakikaa vibaya, pengo hilo linaweza kuwa la herufi 10. Cha tatu ni ule mtindo wa kuandika sentensi moja fupi kisha kuruka mstari ili ipendeze. Mstari mtupu nao ni mstari. Ukiuruka mapema, umelipa nusu ya nafasi yako kwa ukimya.

Herufi kubwa zinakula pia. "OFA OFA OFA" ni pana kuliko "ofa ofa ofa", na emoji moja inachukua nafasi ya herufi mbili hivi. Kabla hajaja kwangu, shemeji alikuwa ameshajaribu njia hiyo kwa ushauri wa jirani yake: mioto 3, neno OFA mara 3, na "USIPITWE". Mstari wa kwanza ukajaa, na bado mpita njia hakujua kinachouzwa ni sare, maandazi au kiwanja.

Basi tukakaa kwenye benchi la kupimia wateja na karatasi moja. Sikumwuliza angependa kusema nini. Nilimwomba anisomee zile komenti 11, nami nikawa napiga mstari mmoja kwa kila swali. Bei ilitajwa mara 4, mahali mara 2, na siku mara 5. Yeye alidhani bei ndiyo inayoongoza, kumbe wazazi walikuwa wanaogopa kalenda. Shule inafunguliwa Jumatatu, leo Alhamisi, fundi wa mtaani amejaza oda. Mwenye wasiwasi huo haanzi na bei, anataka kwanza kujua kama nguo itawahi. Hapo ndipo mstari wa kwanza unapopatikana, kwenye swali ambalo mteja amekuja nalo tayari.

Jaribio lake la kwanza likawa: "Sisi ni mafundi tunaojihusisha na ushonaji wa sare za shule kwa muda mfupi." Nikamwambia "sisi ni mafundi tunaojihusisha na ushonaji" ni neno moja tu, "tunashona". Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtendaji, wakati na tendo kwa pamoja, na mtu akikiamini anaokoa nusu mstari. Mazoea ya barua za ofisini ndiyo yanayotufanya tusikiamini. "Napenda kuchukua nafasi hii" ina alama 27 na bado hujasema unachopenda kusema. "Muda mfupi" nao haumsaidii mwenye Alhamisi na Jumatatu kichwani, kwa sababu kila fundi husema hivyo. Akafuta, akaandika tena, akafuta. Mwishowe karatasi ikabaki na hii:

"Sare inakuwa tayari siku 3 baada ya kumpima mtoto. Shati na kaptula 25,000, Mbagala."

Tuliihesabu pamoja. Sentensi ya kwanza ina alama 50, yaani maneno 9 ukihesabu na ile 3. Zote mbili pamoja zina alama 84. Ukiongeza jina la akaunti na nafasi moja inayofuata unapata 103, hivyo kwenye simu ya kawaida inaingia yote bila kuguswa. Kwenye simu yangu ya maandishi makubwa sentensi ya pili ilikatika kwenye "kaptula", na hilo tulikuwa tumeshalipangia. Kwa sababu hatujui itakatwa wapi, tulitaka kila kipande kinachoweza kubaki kiwe na maana yake. Ya kwanza isimame peke yake hata kama hakuna kingine kitakachoonekana, na ya pili iwe nyongeza kwa mwenye kioo kipana. Kwenye video fupi za Reels maelezo hukaa juu ya video, chini kabisa, na mara nyingi unaona mstari mmoja tu. Hata hapo ikikatika kwenye "Sare inakuwa tayari siku 3 baada", mzazi ameshapata alichokuja nacho.

Tangu siku ile kipimo changu ni hicho: maneno 8 au 9 ya mwanzo ndiyo ninayoyahesabu kuwa yangu kwa hakika, na yote yanayofuata nayachukulia kama mkopo. Simu haina haja ya kuhesabu herufi, vidole vinatosha. Tarakimu zinasaidia pia. "3" inachukua nafasi moja na "tatu" nne, na jicho linaloteremka kwa kasi hunasa tarakimu kabla ya neno. Kitu ambacho picha imeshakisema hakihitaji kurudiwa, hivyo "Tazama sare zetu nzuri pichani" ni nafasi iliyomwagwa. Neno "sare" lenyewe tuliliacha, kwa kuwa anayetafuta kwa kuandika hulitafuta hilo, na mwenye ulemavu wa macho anayesomewa na simu haioni picha.

Shemeji alikuwa na pingamizi moja zito, nami sikulidharau. "Nitawaanzaje watu bila salamu? Wataona nina kiburi."

Kwetu anayeingia bila hodi na kuanza na shida yake amekosa adabu, na mwanamke wa biashara anaishi kwa jina lake. Lakini nilimkumbusha stendi ya Mbagala Rangi Tatu, ambako hupanda daladala kila siku. Mbele ya gari kuna kibao chenye majina ya njia, na pembeni mpiga debe anaita "Kariakoo! Kariakoo!" Hasalimii, na hakuna abiria anayemwona hana adabu, kwa sababu abiria amesimama juani anataka kujua gari linaenda wapi. Salamu zinaanza ndani, mkishakaa, kondakta anapokuja kuchukua nauli na kumwita mama "mama" na mzee "mzee". Posti inayopita kwenye kidole cha mtu iko barabarani bado. Tulikubaliana salamu isifutwe bali ihame, iende mwisho kabisa, baada ya namba ya simu.

Kulikuwa na jaribu jingine ambalo wengi hulipenda, nami nalikataa moja kwa moja. Binti wa vifungo, ambaye ndiye anayejua mitandao kuliko sisi wote, alipendekeza tuanze na fumbo: kuna kosa moja ambalo wazazi hufanya kila Januari, kisha tukate hapo wabonyeze wenyewe. Watabonyeza, sibishi. Lakini aliyebonyeza na kukuta kosa lenyewe ni "kuchelewa kuja kwetu" ameona amechezewa, na mara ya pili atapita bila kuangalia. Fumbo linafaa kama jibu lake lina uzito wa kumlipa aliyefungua, na kwenye posti ya kuuza kaptula uzito huo haupo. Swali la wazi ni jambo tofauti. "Mtoto anaingia darasa la kwanza Januari?" linawachagua watu wake na kuwaachia wengine njia. Lakini lina alama 40, karibu kiasi chote tulichokuwa nacho, na halimpi mtu chochote cha kuondoka nacho. Tuliliweka akiba.

Hadi hapa hasara ilikuwa ni kutosikika tu. Kuna hasara kubwa kuliko hiyo, pale kinachobaki juu kinaposema kitu tofauti na posti nzima. Fundi mwingine, ambaye sitamtaja, aliwahi kuandika hivi:

"Tunatoa punguzo la nusu bei kwa sare zote za wanafunzi wa shule za msingi na sekondari katika kipindi hiki cha kufungua shule, kwa watakaolipia kabla ya tarehe 20 Desemba."

Hesabu mwenyewe. Mkato ule baada ya "kufungua shule" ni alama ya 126. Sharti lote limeangukia upande wa pili, na juu imebaki ahadi ya nusu bei isiyo na mwisho. Watu walimjia tarehe 4 Januari wakiwa na nusu ya hela mkononi na posti yake kwenye simu. Yeye anawaambia wasome hadi chini, wao wanamwonyesha kilichoandikwa juu, na kwa haki kabisa kila upande ulikuwa unasoma posti ileile. Asubuhi nzima ilipotea kwa maneno, na wateja wengine wakaondoka kimya.

Dawa yake ipo ndani ya lugha. Sentensi yake ilianza na zawadi ikamalizia na sharti, na mkasi ukapita katikati. Kiswahili kina silabi moja, -ki-, inayolitanguliza sharti bila shida: "Ukilipa kabla ya tarehe 20 Desemba, sare ni nusu bei." Hapo pana alama 53. Ikikatwa mapema, kinachopotea ni zawadi, na sharti ndilo linalobaki. Mtu anaweza kubonyeza ili aijue zawadi, na hata asipobonyeza hatakuja dukani na ahadi ambayo hukumpa. Kwa hiyo kila neno la mipaka, kama "isipokuwa", "kwa watakao" au "hadi tarehe", linafaa kuvutwa mbele hadi liwe kando ya ahadi inayolihusu.

Nimeyaona haya yakiumiza zaidi kwenye matangazo ya misiba. Facebook nako hukata posti ndefu na kuweka "Ona zaidi", na WhatsApp hukata ujumbe mrefu kwa "Soma zaidi". Tangazo huanza "Kwa masikitiko makubwa, familia inapenda kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote popote walipo kifo cha mpendwa wao", na kabla jina halijafika mistari imekwisha. Watu wanaandika pole bila kujua wamempa nani, na aliyepaswa kupanda basi usiku ule anajua kesho yake. Neno "Tanzia" peke yake limeshabeba heshima yote ya ile sentensi ndefu. Likifuatwa na jina la marehemu, mahali na saa ya maziko, hakuna aliyekosewa adabu, na wenye safari wanaanza kufunga mizigo.

Turudi kwenye benchi la Mbagala. Kabla ya kuweka posti mpya tuliifanyia jambo moja ambalo watu huliruka. Binti aliiweka kwanza kwenye akaunti yake ya pili, ambayo ameifunga na wafuasi wake ni watu wa nyumbani tu, tukaiangalia kwenye simu 3: ya kwake, ya shemeji na yangu. Mwenye posti akiangalia simu yake mwenyewe anaona kioo kimoja tu, tena akiwa anajua kilichoandikwa chini, kwa hiyo jicho lake linajazia. Tuliporidhika akaifuta, tukaiweka kwenye akaunti ya biashara. Ile ya zamani hatukuifuta. Tulibonyeza vinukta 3 vilivyo juu ya picha, tukachagua Edit, tukabadilisha mwanzo wake. Komenti na wapendaji wake wakabaki kama walivyokuwa.

Matokeo yalikuwa ya kiasi. Hakufurika wateja, na siwezi kudai kwamba mstari mmoja ulimshonea sare zote alizoshona Januari ile. Kilichobadilika ni maswali. "Siku ngapi?" ilikoma kabisa. "Bei?" ilipungua lakini ikarudi kwa sura nyingine: "Na sketi je?" Mama mwenye binti alikuwa ameona shati na kaptula, akahisi haijaandikwa kwa ajili yake. Hapo hakuna ujanja, maneno 9 hayawezi kumchukua mtoto wa kiume na wa kike, bei zao mbili, mtaa na siku. Shemeji alitaka kuvibana vyote kwa vifupisho, nikamsihi asifanye hivyo. Akapiga picha ya sketi, akaandika posti ya pili yenye mwanzo wake.

Kilichomsumbua baadaye ni kutojua ni wangapi wanafungua hadi chini. Instagram humwonyesha mwenye akaunti ya biashara waliofikiwa na posti, walioihifadhi na waliotembelea ukurasa, lakini haimwambii wangapi wamebonyeza lile neno la kijivu. Jibu lilitoka mahali ambapo hatukulitegea. Mwisho wa kila posti, chini ya bei, chini ya ramani ya njia na namba ya simu, alikuwa ameweka salamu yake ileile, "Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu", akiiacha pale kwa ajili ya adabu tu. Siku ya tatu mtu mmoja akaandika kwenye komenti: "Nzuri dada, za kwako?" Akafuata mwingine: "Salama mpenzi, kesho nakuja na mapacha."

Siku hizi kila jioni, baada ya kufunika vyerehani, shemeji huchukua simu na kuwahesabu walioitikia.